Lundo la nafaka, kamba na dhiraa sitini

Mahindi ya masika yakishakauka, wakulima wa Msambweni, Kwale, na wa vijiji vilivyo nyuma ya Diani huyapukuchua na kuyamwaga uani juu ya turubai. Lundo hujitengeneza lenyewe: duara chini, ncha juu. Ukimwaga debe jingine penye ncha, punje zinaporomoka pande zote, lundo linapanuka na kuinuka kwa pamoja, lakini mwinamo wa ubavu unabaki ule ule. Kila nafaka ina mwinamo wake, na lundo likiuzidi, punje huteremka mpaka ubavu urudi pale pale.

Kwa sababu hiyo mtu anaweza kukadiria lundo zima bila kulipanda wala kulichimba. Anapitisha kamba chini, anazunguka, anapata mzingo. Kimo hahitaji kukipima, maana mwinamo ukishajulikana, mzingo umekwisha kukitaja.

Ng'ambo ya bahari hii hii, India, jambo hilo liliandikwa zamani sana. Mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta alitoa kanuni ya malundo ya nafaka, na mwaka 1150 Bhaskara akairudia katika kitabu chake cha hesabu, Lilavati. Waligawa nafaka katika mafungu matatu. Kwa punje nene, kimo cha lundo ni sehemu ya kumi ya mzingo. Kwa punje ndogo, ni sehemu ya kumi na moja. Kwa nafaka yenye ndevu na makapi, ambayo punje zake hukwaruzana na kushikana, ni sehemu ya tisa. Kisha unachukua sehemu ya sita ya mzingo, unaizidisha kwa yenyewe, halafu unazidisha kwa kimo.

Mfano wa Bhaskara ni lundo lenye mzingo wa dhiraa 60. Sehemu ya sita ni 10. Mara yenyewe, 100. Likiwa la punje nene, kimo ni dhiraa 6 na ujazo ni dhiraa 600 za ujazo. Likiwa la punje ndogo, ujazo unashuka hadi 545 na kidogo. Likiwa la nafaka yenye ndevu, unapanda hadi 666 na thuluthi mbili. Kamba ni ile ile, na aina ya nafaka peke yake imeleta tofauti ya zaidi ya dhiraa 120.

Wachina nao walikuwa na hesabu zao katika kitabu cha Sura Tisa, ambacho Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263. Huko kimo kilipimwa, hakikukisiwa. Mzingo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha kwa kimo, uligawanywa kwa 36. Nafaka ikiwa imeegemezwa ukutani, pakapimwa nusu duara tu, kigawanyo kilikuwa 18. Ikiwa kwenye pembe ya chumba, 9. Mtu aliyelundika mahindi pembeni mwa ghala anaweza kuitumia kanuni hiyo leo bila kuibadili.

Pwani ya Waswahili ilikwenda njia nyingine: ilihesabu vyombo. Vibaba 4 ni pishi, pishi 60 ni jizla, na kwa vipimo hivyo nafaka ilinunuliwa, ikakopwa na kulipwa. Hata hivyo lundo liliingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu kibaba kilikuwa cha namna mbili: cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, na cha tele, kilichoachiwa kichuguu juu. Kichuguu hicho ni lundo dogo lenye mwinamo ule ule wa lundo la uani. Chukua kopo la lita moja lenye mdomo wa sentimita 12: tele ya mahindi inaongeza karibu sehemu ya kumi. Lita hiyo hiyo ukiitia katika kopo fupi lenye mdomo wa sentimita 16, tele inakaribia robo. Mnunuzi aliyekubaliana tele alikuwa na kila sababu ya kuutazama mdomo wa kopo kabla ya kuitazama bei.

Je, kanuni ya Bhaskara inafaa Kwale? Kwa mpunga, kama ule unaolimwa upande wa Vanga, inafaa vizuri ajabu. Majedwali ya wahandisi wa kilimo hutoa mwinamo wa nyuzi 36 hivi kwa mpunga wenye maganda, na mwinamo huo unakipa kimo karibu sehemu ya tisa ya mzingo, sawa na walivyosema wale wazee kuhusu nafaka yenye ndevu. Kwa mahindi inapotosha. Bhaskara hakuwahi kuyaona. Yalitoka Amerika karne kadhaa baada yake. Punje kavu ya mahindi ni laini na huteleza, na mwinamo wake ni nyuzi 23 hivi. Kimo chake kinakuwa sehemu ya kumi na tano ya mzingo, si ya kumi. Anayeyapima kwa kanuni ya punje nene anajiongezea zaidi ya nusu ya alichonacho.

Hesabu ya kisasa, basi, ni hii. Pima mzingo kwa mita, uzidishe kwa wenyewe mara tatu (6 × 6 × 6), kisha gawanya kwa 565 kwa mahindi makavu au kwa 340 kwa mpunga. Jibu ni mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ya mahindi ina kilo 720 hivi, ya mpunga kilo 580. Lundo la mahindi lenye mzingo wa mita 6 linatoa 216 ÷ 565, yaani 0.38, ambayo ni kilo 275: magunia matatu ya kilo 90 na ziada kidogo. Mzingo huo huo kwa mpunga unatoa karibu kilo 370.

Kosa kubwa linatoka kwenye kamba. Kwa kuwa mzingo unazidishwa kwa wenyewe mara tatu, kamba iliyolegea na kusoma mita 6.3 badala ya 6 inaleta kilo 319, karibu nusu gunia la hewa. Mahindi mabichi nayo hudanganya, maana punje zenye unyevu hushikana na ubavu unasimama wima zaidi. Njia ya kuligundua hilo ni kuchomeka kijiti kilichonyooka kutoka nchani hadi chini na kukipima: kwa mzingo wa mita 6, mahindi makavu huwa na kimo cha sentimita 40. Kijiti kikisoma 50, ama punje hazijakauka ama kuna makapi mengi, na namba 565 haifai tena. Lundo lililokanyagwa likapoteza ncha, au lililomwagwa mahali penye shimo, halina hesabu ya kamba.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi Kwale, kuna mpaka mmoja ambao kamba inaufikia kwa haraka. Zaka ya nafaka huwajibika mavuno yakifika wasaki 5, ambazo ni pishi 300, na wengi huzikadiria kuwa karibu kilo 650. Kiwango ni sehemu ya kumi kwa shamba la mvua na sehemu ya ishirini kwa la kumwagilia kwa gharama. Ukiigeuza hesabu, kilo 650 za mahindi makavu ni lundo lenye mzingo wa mita 8. Mwenye lundo la mita 6 yuko mbali na mpaka huo. Mwenye lundo la mita 7.5 au zaidi aiweke kamba kando, achukue pishi au mizani, apime kweli.