Nyaraka za Kubuni na Ujenzi wa Uhalisia katika Dracula

Riwaya ya Dracula (1897) ya Bram Stoker haina msimulizi mmoja. Imeundwa kwa shajara, barua na vipande vya magazeti. Kisa cha merikebu Demeter kinadhihirisha jinsi nyaraka hizo zinavyojenga uhalisia. Mwaka 1890, akiwa Whitby, Uingereza, Stoker alinakili habari za Dmitry, merikebu ya Urusi iliyokwama hapo mwaka 1885 ikiwa na farumi ya mchanga. Katika riwaya, mwandishi wa gazeti anaitaja farumi kama hiyo ndani ya Demeter, ingawa haisukumi msuko mbele. Ukavu huo wa kiofisi ndio unaosadikisha. Aidha, mwandishi huyo anasimulia maiti ya nahodha iliyofungwa kwenye usukani, asijue chanzo chake. Daftari la nahodha nalo linaeleza hofu iliyotanda chomboni, lakini linakatika kabla ya mwisho. Msomaji ndiye anayeziunganisha habari hizo mbili. Hata hivyo, riwaya inahitimishwa kwa kukiri kwamba takriban nyaraka zote zilizobaki ni nakala za taipu zisizoweza kuthibitisha lolote. Hivyo basi, uhalisia wake hautokani na uasilia wa waraka, bali na pengo baina ya shahidi mmoja na mwingine.