Namna ya Kupima Akiba za Benki Mbalimbali Dhidi ya Kiwango cha Bima ya Amana

Mkazi wa Kata ya Kisanga, wilayani Kilosa, anayeuza mazao yake mara moja au mbili kwa mwaka, kwa kawaida hupokea fedha nyingi kwa mkupuo kisha kuzitumia kidogo kidogo hadi msimu unaofuata. Katika kipindi hicho fedha hukaa benki, mara nyingi katika benki zaidi ya moja: ile iliyo jirani na soko, ile iliyowahi kumpa mkopo na ile anayoitumia kupitia simu. Swali linalostahili kujibiwa ni hili: iwapo mojawapo ya benki hizo ingefungwa leo, ni kiasi gani cha akiba yake kingelipwa na Bodi ya Bima ya Amana? Jibu hupatikana kwa kusoma taarifa za akaunti zote kwa pamoja.

Kiwango na namna kinavyohesabiwa

Tangu mwaka 2023, kiwango cha juu cha fidia ni shilingi 7,500,000, kutoka shilingi 1,500,000 za awali. Benki zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania ndizo huchangia mfuko wa bima hiyo. Mteja hatozwi chochote wala hahitaji kujisajili.

Kiwango hicho ni cha mteja mmoja katika benki moja. Akaunti zote za mteja katika benki moja hujumlishwa, hata kama zilifunguliwa katika matawi tofauti. Fedha zilizo katika benki nyingine hupimwa peke yake kwa kiwango chake kamili. Aidha, mteja anayedaiwa na benki iliyofungwa hupunguziwa deni lake kwenye amana kabla ya kulipwa.

Kukusanya taarifa za tarehe moja

Hatua ya kwanza ni kuchagua tarehe moja, kwa mfano tarehe 30 Juni, na kupata taarifa ya kila akaunti inayoishia siku hiyo. Taarifa hupatikana tawini au kupitia huduma za benki za simu. Kinachohitajika ni salio la mwisho la siku hiyo.

Vitu viwili husahaulika kwa urahisi. Cha kwanza ni amana ya muda maalumu, ambayo mara nyingi haionekani katika taarifa ya akaunti ya akiba na ina cheti chake. Cha pili ni akiba iliyowekwa kupitia huduma ya simu inayoendeshwa kwa ushirikiano na benki. Hiyo ni amana ya benki husika na hujumlishwa huko. Kwa upande mwingine, akiba na hisa za SACCOS, hatifungani za Serikali na vipande vya mifuko ya uwekezaji haviingizwi katika hesabu hii, kwa kuwa havilindwi na bima ya amana.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mkulima wa kufikirika mwenye fedha katika benki tatu ifikapo tarehe 30 Juni, asiyedaiwa na benki yoyote. Katika benki ya kwanza ana akaunti ya akiba yenye shilingi 3,180,000 na amana ya muda maalumu ya shilingi 5,000,000. Katika benki ya pili ana shilingi 4,900,000. Katika benki ya tatu ana shilingi 2,350,000 katika akaunti ya kawaida na shilingi 410,000 za akiba ya simu. Jumla ya fedha zake zote ni shilingi 15,840,000.

Mkulima huyu anaweza kukosea kwa njia mbili. Akijumlisha benki zote na kutoa 7,500,000, atadhani kuwa shilingi 8,340,000 hazina kinga, na huenda akatoa fedha benki na kuziweka nyumbani bila sababu. Akitazama kila akaunti peke yake, ataona hakuna hata moja iliyofikia 7,500,000 na kudhani kuwa zote ziko salama.

Hesabu sahihi hufanywa kwa kila benki. Benki ya kwanza ina jumla ya shilingi 8,180,000, hivyo shilingi 680,000 zimevuka kiwango. Benki ya pili, yenye 4,900,000, na ya tatu, yenye 2,760,000, ziko ndani ya kiwango. Anachopaswa kushughulikia ni shilingi 680,000 pekee.

Kuvunja amana ya muda maalumu kabla ya siku yake kunaweza kumpotezea riba. Njia nafuu ni kuhamisha kiasi hicho kutoka akaunti ya akiba ya benki ya kwanza kwenda benki ya tatu, ambayo itafikia shilingi 3,440,000. Ni vyema ahamishe zaidi kidogo, kwa sababu riba itakapoingizwa katika akaunti, au malipo ya mazao yatakapopokelewa humo, salio litavuka kiwango tena.

Tarehe zinapotofautiana

Tuseme mkulima huyo alihamisha shilingi 1,000,000 kutoka benki ya kwanza kwenda ya pili tarehe 12 Juni. Akitumia taarifa ya benki ya kwanza ya tarehe 31 Mei na ya benki ya pili ya tarehe 30 Juni, milioni hiyo itahesabiwa mara mbili, na benki ya kwanza itaonekana kuvuka kiwango kwa shilingi 1,680,000. Akibadilisha tarehe hizo, milioni hiyo haitaonekana kokote. Dalili ya kosa hili ni muamala wa kutoa katika taarifa moja usio na muamala wa kupokea katika taarifa nyingine, au kinyume chake.

Benki zinapoungana

Majina mawili katika vitabu vya zamani yanaweza kuwa benki moja leo. Mwaka 2018 Twiga Bancorp na Benki ya Wanawake Tanzania ziliunganishwa na Benki ya TPB, na mwaka 2020 ikafuata TIB Corporate. Benki hiyo sasa ni Benki ya Biashara Tanzania (TCB). Mwenye akaunti zilizotokana na benki hizo anapaswa kuzihesabu pamoja.

Sehemu iliyozidi kiwango

Kiasi kinachozidi kiwango hakifutwi. Hubaki kuwa dai la mteja katika ufilisi, na hulipwa kadiri mali za benki zinavyouzwa na madeni yake yanavyokusanywa. Huenda kisilipwe chote, na kazi hiyo inaweza kuchukua miaka. Januari 2018, Benki Kuu ilipozifunga benki tano, zikiwemo Benki ya Wananchi Njombe na Benki ya Wananchi Meru, Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi. Wakati huo kiwango kilikuwa bado shilingi 1,500,000, hivyo mteja mwenye shilingi 4,000,000 katika benki mojawapo alikuwa na shilingi 2,500,000 za kusubiri ufilisi.

Hesabu hii inafaa kurudiwa kila baada ya mauzo ya msimu, kila amana ya muda maalumu inapoiva na kila benki inapotangaza kuungana na nyingine. Jina na Namba ya Kitambulisho cha Taifa viwe sawa katika benki zote, kwa kuwa malipo ya fidia hufanywa kwa kufuata kumbukumbu za benki iliyofungwa.