Maji ya Kunde Hayapatikani kwa Kuongeza Nyeupe

Nachora watu hapa Mumbuni, nje kidogo ya mji wa Machakos. Wateja hunitumia picha kwa simu nami nawarudishia mchoro wa rangi chache, bapa, zile nyuso rahisi unazoziona kwenye fulana na kadi za harusi. Kwa uso mmoja kazi ni nyepesi. Shida huja familia nzima inapotaka kukaa kwenye mchoro mmoja, kwa sababu nyumba moja ya Ukambani inaweza kuwa na mtu mweusi ti, mwingine maji ya kunde, na mwingine mwenye ualbino.

Shida hii ina historia, na haikuanza na simu. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipa maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi. Juu yake alikuwepo mwanamke mzungu, na kadi zikaitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kwanza wa kampuni hiyo aliyepigwa picha hizo. Fundi aliirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ipendeze, kisha wengine wote wakapitishwa kwa kipimo hichohicho. Filamu nazo zilikuwa na upana mdogo kati ya mwanga na giza. Ukiweka watu wa rangi tofauti pamoja, mpiga picha alilazimika kuchagua nani aonekane vizuri. Fungua albamu ya zamani ya shule yoyote utamkuta mtoto amebaki macho, meno na kola.

Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alichapisha historia hiyo mwaka 2009. Anaeleza kwamba malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia yalitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990.

Sisi wachoraji tulirithi wazo lenyewe: kwamba kuna "rangi ya ngozi" moja, na nyingine zote ni hiyohiyo ikitiwa nyeusi au nyeupe. Hapo ndipo mambo huharibika. Ukitia nyeusi kwenye rangi ya waridi unapata kijivu cha matope. Ukimwongezea mtu mweusi nyeupe ili "ang'ae", anapauka kama aliyetoka kupiga matofali. Maji ya kunde yenyewe ni kahawia yenye manjano na wekundu ndani yake. Ukiitafuta kwa kupunguza weusi wa mtu mwingine hutaipata.

Angalia ngozi nyeusi kivulini halafu juani. Inafanya mambo mawili kwa pamoja. Rangi yake ya ndani inameza mwanga mwingi na kurudisha kidogo, ule wa kahawia na wekundu. Lakini juu yake kuna mng'ao, na mng'ao hauna rangi ya ngozi. Una rangi ya kile kinachoangaza. Nje, chini ya anga wazi, paji la uso mweusi hung'aa kibuluu-kijivu. Kwa mtu mweupe mng'ao huo upo pia, ila hauonekani sana kwa sababu ngozi yenyewe iko karibu nao. Kwa hiyo mweusi anahitaji mng'ao mdogo, mkali, wenye mpaka wazi. Ukiusambaza shavu zima umembadilisha rangi.

Nikueleze kazi moja. Mama mmoja aliniletea picha tatu: ya Susu, yaani nyanya yao, mweusi sana, yake mwenyewe, maji ya kunde, na ya bintiye mwenye ualbino. Akaniambia, "Fundi, mahali pengine walimchora huyu mtoto akatoka mzungu. Watu wakaniuliza ni wa nani."

Sikugusa rangi kwanza. Nilichora nyuso tatu kwa mistari mitupu, bila hata kivuli. Programu nyingi huja na pua na midomo ya kubandika, na nyingi ya pua hizo ni nyembamba. Nikaziacha. Nilipima upana wa mabawa ya pua ya kila mmoja nikiulinganisha na nafasi iliyo kati ya macho yake mwenyewe, kisha unene wa mdomo wa juu dhidi ya wa chini. Pua ya mtoto ilikuwa ya Susu kabisa. Mistari ikishaonyesha undugu bila rangi, rangi haiwezi kuuvunja. Usipouona kwenye mistari, rangi haitakuokoa.

Ndipo nikampa kila mtu ngazi yake ya rangi tatu:

```
Susu    kivuli #2E1A1A   msingi #4A2C20   mwanga #7A4B35
Mama    kivuli #5C3527   msingi #8A5A3C   mwanga #B07B54
Mtoto   kivuli #C98F78   msingi #E8BFA4   mwanga #F6DCC8
```

Usizinakili kwa watu wengine. Zilikuwa za watu hawa. Tazama zinavyopangana. Mwanga wa Susu ni mweusi kuliko msingi wa binti yake, na kivuli cha binti bado ni cheupe kuliko msingi wa Susu. Ngazi zinapishana kidogo pembeni tu, na hakuna inayofika kwenye msingi wa mwenzake, kwa hiyo hakuna anayegeuka mwenzake akigeuza shingo. Mng'ao pekee ndio unaruhusiwa kuruka: Susu alipata mstari mwembamba wa #9FA8B5 kwenye paji na ncha ya pua. Mtoto nilimpa nywele za manjano iliyopauka, zenye msokoto uleule wa mama yake, na madoadoa ya jua aliyokuwa nayo mashavuni. Kuyafuta ingekuwa kumchora mtu mwingine.

Jaribio ni rahisi: geuza mchoro wote kuwa wa nyeusi na nyeupe. Watu watatu wabaki watatu, na ndani ya uso wa Susu bado uone kivuli, shavu na mdomo. Akibaki doa, tatizo mara nyingi ni mandhari ya nyuma. Nyuma nyeupe pe humfanya mweusi awe kivuli tu, na nyuma nyeusi humla. Hapa nilitumia kijani kilichopauka, #7F9A8E, kinachokaa kati ya mwanga wa mama na kivuli cha mtoto.

Yote haya yanategemea picha uliyoletewa, na simu nyingi hulainisha na kung'arisha ngozi bila kuuliza. Mimi huomba picha nyingine: mtu asimame kivulini kwenye baraza, ashike karatasi nyeupe karibu na kidevu. Karatasi ikitoka manjano au buluu, najua uso nao umepotoka kiasi hicho, narekebisha mpaka iwe nyeupe. Na asisimame juani kwenye udongo mwekundu wetu. Huo hurudisha wekundu chini ya kidevu, ukadhani ni rangi yake.

Mjomba wao alitaka Susu ang'arishwe "kidogo tu". Nilimwonyesha toleo hilo kando ya lile la kwanza. Aliliangalia, akasema huyo ni jirani yao.

Hatua ya mwisho ni karatasi. Kahawia nzito huzama zikichapishwa, kwa hiyo kabla ya bango kubwa nilichapisha kipande kidogo chenye uso wa Susu peke yake. Kivuli chake kilikuwa kimeungana na kitambaa chake cha kichwani. Nikakipandisha kivuli hicho kidogo, kutoka #2E1A1A hadi #382120, msingi nikauacha ulivyo, nikachapisha tena. Mara ya pili taya ilionekana.