Tembe Moja Badala ya Tatu

Mpango wa AMPATH ulipoanza kuwatibu watu wenye virusi vya Ukimwi mjini Eldoret mwaka 2001, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, dawa tatu ambazo Wakenya wengi wangeanzishiwa katika miaka iliyofuata zilikuwa na wenyewe watatu. Stavudini ilikuwa ya Bristol-Myers Squibb na iliitwa Zerit, lamivudini ilikuwa ya GlaxoSmithKline kwa jina la Epivir, na nevirapini ilikuwa Viramune ya Boehringer Ingelheim. Aliyetaka dawa za jina alimeza dawa za kampuni tatu, asubuhi na jioni. Mwaka huohuo kampuni ya Cipla ya India ilitia zote tatu ndani ya tembe moja, Triomune, na kuwaahidi Madaktari Wasio na Mipaka kuiuza kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati matibabu ya aina hiyo katika nchi tajiri yaligharimu dola 10,000 na zaidi. Cipla iliweza hivyo kwa kuwa sheria ya hataza ya India, hadi 2005, ililinda njia ya kutengenezea dawa bali si dawa yenyewe. Hivyo tembe hiyo ya jeneriki haikufanana na yoyote ya wenye jina, na isingeweza kufanana: hakuna mwenye jina aliyekuwa na tembe kama hiyo.

Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu huisoma sura ya tembe kana kwamba ni cheti chake. Rangi, umbo na herufi zilizochongwa ni alama za mtengenezaji, na mara nyingi sheria za alama za biashara ndizo zinazomzuia mwingine kuziiga. Sehemu kubwa ya tembe huweza kuwa wanga, laktosi na vitu vingine vya kuishikanisha, na humo kila kiwanda kina mapishi yake. Kinachotibu ni kiambato amilifu, na katika Triomune kilipimwa kwa miligramu: lamivudini 150, nevirapini 200, na stavudini 30 au 40 kulingana na uzito wa mgonjwa.

Msomaji makini atauliza kama miligramu sawa zinatosha, maana tembe isiyoyeyuka tumboni haina faida hata ikiwa imejaa dawa. Swali ni la haki, na jibu lake hutafutwa kwenye damu. Watu wenye afya hupewa dawa ya jina, damu yao hutolewa mara kwa mara kwa saa kadhaa, kisha baada ya siku za kuiacha dawa iishe mwilini hupewa ile ya jeneriki na kupimwa vilevile. Hulinganishwa kilele cha dawa kwenye damu na jumla iliyoingia. Uwiano wa wastani, pamoja na ukingo wake wa makosa, lazima uwe kati ya asilimia 80 na 125. Hapa ndipo watu hujikwaa, wakidhani tembe inaruhusiwa kupungukiwa na dawa kwa asilimia 20. Kwa kuwa ukingo wote wa makosa lazima uingie humo, wastani wenyewe kwa kawaida hukaa karibu sana na 100.

Je, vipimo hivyo viliaminika? Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani liliziondoa dawa mbili za Cipla kwenye orodha yake, si Triomune, baada ya wakaguzi kukuta kasoro katika kumbukumbu za maabara iliyofanya majaribio hayo. Zilirudishwa baadaye mwaka huo. Kwangu tukio hilo linaunga mkono hoja badala ya kuibomoa: kasoro ilionekana kwenye makaratasi, mahali ambapo jicho la mgonjwa lisingefika.

Pingamizi zito zaidi lilitoka miilini mwa watu. Wengi waliotumia stavudini walikufa ganzi miguuni, na wengine mafuta ya mashavu yakayeyuka. Ilikuwa rahisi kuilaumu tembe ya bei nafuu, lakini Zerit ilifanya vivyo hivyo, kwa kuwa madhara hayo ni ya kiambato chenyewe. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiache stavudini, ya jina na ya jeneriki pia.

Hata hivyo mkanganyiko ukaingia katika sheria. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia ilieleza neno bandia kwa upana kiasi kwamba dawa halali ya jeneriki, yenye kiambato kilekile, ingeweza kunaswa pamoja na tembe za chokaa. Watu watatu waliokuwa wakiishi na virusi walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu husika vilihatarisha haki yao ya uhai, utu na afya, akaitaka serikali iviangalie upya.