Kabla ya Kutuma Roboti, Muulize Mwenye Nyumba

Wasee, mwaka jana nilikaribia kupoteza hadithi elfu moja na mia saba hivi, na bado ningelala nikijisifu kwamba nimeziokoa zote.

Kulikuwa na tovuti moja ya hadithi fupi za vijana. Nilichapisha hadithi yangu ya kwanza huko nikiwa kidato cha tatu. Mwenyewe akatangaza anaifunga mwisho wa mwezi, pesa za kulipia seva zimeisha, anayetaka nakala ajichukulie. Nikaandika skripti: fungua ukurasa wa kwanza, fuata kila linki, hifadhi unachokuta, rudia mpaka linki mpya ziishe. Ikatambaa, ikafika kurasa 412, ikasema imemaliza.

Nikatafuta hadithi yangu. Haiko.

Sababu ilikuwa rahisi. Ukurasa wa kwanza ulionyesha hadithi chache tu za karibuni, na za zamani zilitokea ukibonyeza kitufe cha "Soma zaidi". Mimi nina kidole, skripti haina. Hadithi za zamani zilikuwa bado kwenye seva, lakini hakukuwa na linki ya kawaida ya kuzifikia. Na roboti inayofuata linki haijui kitu ambacho haikukiona. Ikimaliza inakwambia "nimemaliza", haiwezi kukwambia "nimeacha".

Hii shida si ya jana. Mwaka 1993 Matthew Gray, akiwa MIT, aliandika programu iliyoitwa World Wide Web Wanderer. Ilizunguka mtandaoni ikifuata linki ili kupima wavuti inakua kiasi gani. Seva za wakati huo zilikuwa dhaifu, na watu wakalalamika kwamba roboti zinarudi kwenye kurasa zilezile tena na tena na kuzilemea.

Mwaka huohuo Martijn Koster akaja na wazo tofauti kabisa, akaliita ALIWEB. Badala ya roboti kupapasa gizani, kila mwenye tovuti aandike faili moja kwenye seva yake, aorodheshe kilichomo, kisha aseme faili iko wapi. ALIWEB inakuja, inasoma hiyo faili tu, inaondoka. Kwa maneno mengine, usizunguke nyumba ya mtu ukifungua milango. Bisha hodi, muulize mwenyewe ana vyumba vingapi.

Wazo zuri, lakini halikushika. Orodha iliandikwa kwa mkono, na wengi hawakujisumbua kuiandika. Roboti za kufuata linki hazikuhitaji mtu aandike chochote, kwa hivyo zikashinda. Mwaka 1994 Koster huyohuyo akapendekeza kitu ambacho kimedumu hadi leo: robots.txt, faili ndogo ya kuiambia roboti wapi isiingie.

Wazo la orodha lililala zaidi ya miaka kumi. Juni 2005 Google ikalirudisha kwa jina la Sitemaps, yaani ramani za tovuti. Tofauti kubwa ni kwamba sasa tovuti nyingi ziliendeshwa na programu zenye hifadhidata, kwa hivyo mashine yenyewe ingeweza kuandika orodha kila hadithi mpya ikiingia. Uvivu wetu haukuwa tena kikwazo. Novemba 2006 Yahoo na Microsoft wakakubali kutumia muundo uleule. Halafu Aprili 2007 wakakubaliana kwamba mwenye tovuti anaweza kutaja mahali ramani ilipo ndani ya robots.txt. Mnaona hiyo? Faili iliyozaliwa kufungia roboti milango ndiyo ikawa kibao cha kuielekeza njia.

Basi nikarudi kwenye ile tovuti, nikaanza pale nilipopaswa kuanzia. Nikafungua robots.txt. Kwanza nikasoma wapi nimekatazwa. Chini kabisa nikakuta mstari wa namna hii (anwani nimebadilisha):

```
Sitemap: https://example.com/sitemap_index.xml
```

Nikafungua hiyo anwani nikahesabu: anwani nne. Nne tu? Nilitaka kulia. Kumbe hiyo ilikuwa ramani ya ramani. Faili moja hairuhusiwi kuzidi anwani 50,000, au MB 50 kabla ya kubanwa, kwa hivyo tovuti kubwa hugawanya ramani zao na kuandika faili moja ya kuzitaja zote. Hata tovuti ndogo hufanya hivyo kwa sababu programu yao imepangwa hivyo. Ukiona `<sitemapindex>` juu ya faili, bado hujafika kwenye kurasa. Shuka ngazi moja. Huko ndiko utakuta vitu kama hivi:

```
<url>
  <loc>https://example.com/hadithi/218</loc>
  <lastmod>2016-03-14</lastmod>
</url>
```

Zile faili nne zilikuwa na anwani 1,000, 1,000, 163 na 14. Jumla 2,177. Hadithi yangu ilikuwa kwenye faili ya pili.

Hapo ndipo nilielewa faida ya kusoma ramani kabla ya kutambaa. Unajua ukubwa wa kazi kabla hujaianza. Nilipanga kuchukua ukurasa mmoja kila baada ya sekunde mbili ili nisilemee seva ya mtu, na kila ukurasa ulikuwa na wastani wa KB 80. Hiyo ni kama saa moja na robo, na MB 175 hivi za bando. Nikanunua bando ya kutosha badala ya kuishiwa katikati.

Lakini ramani ni neno la mwenye nyumba, na mwenye nyumba pia husahau. Nililinganisha orodha mbili: zile 412 za linki na zile 2,177 za ramani. Kurasa 23 nilizozipata kwa linki hazikuwa kwenye ramani, nyingi zikiwa kurasa za waandishi. Na kati ya zilizokuwa kwenye ramani, 61 zilijibu 404, yaani zilifutwa na hakuna aliyeziondoa kwenye orodha. Ukiunganisha orodha zote mbili unapata 2,200, na ukitoa zilizokufa, nilihifadhi 2,139.

Tarehe nazo ziangalie kwa jicho la pili. `lastmod` inatakiwa kusema ukurasa ulibadilishwa lini, lakini ukiona kurasa zote zina tarehe moja ya leo, jua ni programu inajiandikia tu kila ramani ikitengenezwa upya. Kuna na `priority`, ambapo mwenye tovuti anataja umuhimu wa kila ukurasa wake. Google inasema wazi kwamba inaipuuza. Kila mtu angependa kujiita wa maana, si ndio?

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Koster alikuwa sahihi mwaka 1993: anza kwa kumuuliza mwenye nyumba. Lakini wale wa kufuata linki pia walikuwa na lao, kwa sababu orodha ya mtu haijikagui. Soma robots.txt, shuka kwenye ramani mpaka ufike kwenye kurasa zenyewe, hesabu, halafu tambaa, kisha linganisha. Pengo kati ya hizo orodha mbili ndilo linalokuonyesha nani amesahau nini.

Tovuti ilizimwa tarehe 31 kama ilivyotangazwa. Hadithi yangu ninayo. Nimeisoma tena juzi, na mazee, ni mbaya kweli. Lakini iko.