Aspirini, utengenezaji wa maabarani

Aspirini hupatikana kwa kuunganisha asidi ya salisiliki na anhidridi ya asetiki, ambayo hufunika kundi la fenoli la asidi hiyo. Gramu 2.00 za asidi huchanganywa na mililita 5 za anhidridi na matone machache ya asidi ya sulfuriki, kisha chupa huwekwa katika maji ya moto kwa dakika 15 hivi. Maji baridi yakiongezwa, fuwele nyeupe hujitenga. Huchujwa na kukaushwa.

Anhidridi imezidi, hivyo hesabu hufuata asidi: 2.00 ÷ 138.1 ni moli 0.0145, zinazoweza kutoa gramu 2.61 za aspirini. Zikipatikana gramu 2.09, mazao ni asilimia 80. Yakivuka 100, kwa kawaida fuwele bado zina maji.

Lakini uzito pekee hauthibitishi usafi. Fuwele chache huyeyushwa katika ethanoli, kisha hutiwa tone la kloridi ya chuma (III). Rangi ya zambarau hufichua fenoli, yaani asidi ya salisiliki iliyobaki. Aspirini safi huacha umanjano wa kitendanishi. Kipimo hiki ni chepesi mno kuhisi: hata masalia madogo huonekana, na aspirini iliyokaa kwenye unyevu huvunjika ikarudisha zambarau.