Kiuavijasumu: Dawa Isiyotibu Kila Koo

Kwenye dirisha la duka la dawa utasikia watu wakiomba "antibayotiki", na asiyelikumbuka jina hilo huomba "zile za rangi mbili". Vitabuni tuna neno letu, kiuavijasumu, yaani kitu kinachoua vijasumu. Limeundwa vizuri, kwa kuwa linataja kazi ya dawa. Utata uko kwenye nusu yake ya pili. Mtaalamu akisema kijasumu anamaanisha bakteria, lakini wengi wetu tunaelewa kijidudu chochote kiletacho maradhi, virusi vikiwemo. Hapo ndipo wenye kuumwa koo wanapopotea.

Penisilini na amoksilini huua kwa njia moja. Bakteria amezungukwa na ukuta mgumu, na kila anapogawanyika hana budi kujenga ukuta mpya. Dawa huvuruga ujenzi huo, naye akapasuka. Kirusi hakina ukuta wa aina hiyo. Huingia ndani ya seli zetu na kuzitumia kuzaliana. Dawa ya kuvunja ukuta haina pa kushika.

Sasa maumivu mengi ya koo huletwa na virusi. Kati ya watoto 100 wanaoumwa koo, kama 20 hadi 30 tu ndio wenye streptokoki wa kundi A, bakteria ambao kwenye hadubini huonekana wamepangana kama shanga zilizotungwa uzini.

Chukua mfano wa mama aliyefika zahanati na watoto wawili. Mdogo, wa miaka minne, ana mafua, kikohozi, sauti imekauka na macho ni mekundu. Dalili hizo ni za virusi: anahitaji maji, chakula laini na parasetamoli. Dada yake wa miaka tisa hana mafua wala kikohozi. Jana alikuwa akicheza, usiku homa ikampanda ghafla, na leo hata mate anayameza kwa shida. Mhudumu anamulika tochi: mafindofindo yamevimba na yana usaha mweupe. Akimpapasa shingoni chini ya taya, anakuta tezi zinazouma. Dalili hizi huelekeza kwa streptokoki, ingawa hazithibitishi. Palipo na kipimo, pamba hupitishwa kooni na kupimwa. Msichana ana kilo 25. Anaandikiwa amoksilini miligramu 500, asubuhi na jioni, kwa siku 10, au achomwe sindano moja tu ya penisilini ya benzathini.

Kwa nini siku 10, wakati koo hutulia ndani ya siku tatu? Kwa sababu hatumtibu maumivu peke yake. Koo la streptokoki hupoa lenyewe kwa takriban wiki moja, hata bila dawa. Tunachokihofia huja baadaye, kwa jina la homa ya baridi yabisi.

Jina hili nalo linahitaji kufunguliwa. Yabisi ni kavu, na baridi yabisi ni jina la zamani la maradhi ya viungo. Mzazi akilisikia hufikiria magoti ya wazee na mafuta ya kuchua. Kumbe ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na chanzo chake ni koo. Kinga ya mwili iliyoamshwa na streptokoki huchanganya protini za bakteria na za moyo wa mgonjwa, kwa kuwa zinafanana, ikaanza kuushambulia moyo wenyewe. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, goti huvimba na kuuma, likitulia maumivu huhamia kifundo cha mguu au kiwiko. Viungo hupona bila kuacha alama. Vali za moyo huenda zikabaki na makovu, zisifunguke au zisifunge sawasawa, na mtoto akaanza kuhema kwa kupanda ngazi chache tu.

Nafasi ya kuzuia ipo, nayo ni pana kiasi: penisilini ikianzwa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado hukinga. Lakini lazima iwe dawa inayofaa. Tetrasaiklini, ambayo ni mojawapo ya hizo za rangi mbili, haitegemewi kuwaondoa streptokoki kooni. Na amoksilini ikikatizwa siku ya tatu, maumivu yamekwisha ila bakteria wamebaki, na kinga ya mwili inaendelea kuchokozwa.

Kwa hiyo ningependa pakiti ziandikwe kiuabakteria. Neno hilo lingemfanya mnunuzi aulize kwanza kama kooni mna bakteria. Na mtoto akiletwa na goti lililovimba, kabla ya kutafuta mafuta ya kuchua, aulizwe: wiki tatu zilizopita, koo lilikuuma?